Namna ya Kumsalimu Ndugu Aliyerudi Nyumbani Akiwa Amebadilishwa na Ugonjwa

(Hotuba iliyotolewa kwa wanajumuiya wa kijiji kimoja mkoani Kilimanjaro, mwanzoni mwa Desemba, na muuguzi mstaafu wa wodi ya saratani)

Mwenyekiti wa jumuiya, wazee wetu shikamooni, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliokubali kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze nanyi kabla wageni hawajaanza kuingia. Baada ya wiki chache ndugu zetu watakuwa wanashuka kwenye mabasi kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Nairobi, kila nyumba itakuwa na watu, na kila Jumapili baada ya ibada tutasimama nje tukisalimiana na watu ambao tuliwaona mara ya mwisho Desemba iliyopita. Miongoni mwao wapo ambao mwaka huu wamefanyiwa upasuaji, wapo waliopata kiharusi, wapo waliokuwa kwenye dripu za saratani au kwenye dozi ndefu ya kifua kikuu. Watakuja wakiwa wamepungua, au wamevimba, au ngozi imebadilika rangi, au mdomo umekwenda upande. Ninataka kuzungumzia ile dakika ya kwanza tu, pale macho yenu yanapokutana naye na mdomo wako bado haujaamua utasema nini. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kando ya vitanda vya watu hawa, na walichokuwa wakiniambia kuhusu safari ya kwenda nyumbani kilikuwa mara nyingi hicho hicho: hawakuogopa barabara wala baridi ya huku juu, waliogopa salamu.

Nitawaeleza habari za mama mmoja, ambaye aliniruhusu niitumie habari yake ili mradi nisimtaje wala nisitaje kwao. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mwenye saratani ya titi. Alikuwa ameondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na alikuwa katikati ya mizunguko ya dawa za dripu, ambazo huwekwa mara moja kila baada ya siku 21. Nywele zilianza kutoka yapata wiki mbili au tatu baada ya dripu ya kwanza, kama inavyokuwa kwa wengi wanaopewa dawa hizo, kisha zikafuata nyusi na kope. Kucha ziliingia weusi. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, kwa sababu tezi za kwapani zikiondolewa maji ya mwilini hupita kwa shida upande ule. Uso nao ulikuwa umejaa kidogo kwa dawa nyingine alizokuwa akipewa. Kwa hiyo ukimtazama ungeona mambo mawili yasiyoafikiana, mabega yaliyokonda na mashavu yaliyojaa, na juu yake kilemba kilichofungwa hadi kwenye paji la uso.

Jumapili ya kwanza alikwenda ibadani. Alipotoka, wa kwanza kumfikia alikuwa rafiki yake wa shule ya msingi, naye akapiga kelele akiwa bado hatua kadhaa mbali: “Jamani, ni wewe? Umekwisha!” Watu wote waliokuwa karibu wakageuka. Wa pili alikuwa wifi yake, akamshika mkono akisema, “Pole sana, tumesikia. Hata mama yangu mdogo ilianza hivyo hivyo, hakumaliza mwaka.” Wa tatu, mzee mmoja wa heshima kabisa, akamuuliza kama ameshajaribu majani ya mstafeli, kisha akaanza kumweleza namna ya kuyachemsha, pale pale penye msururu wa watu. Kijana wa jirani alimtazama kilemba, akatazama chini, akapita upande wa pili kana kwamba hakumwona. Halafu akaja bibi mmoja, jirani wa mama yake, akitembea polepole kwa fimbo. Mama yule akamwamkia, “Shikamoo bibi.” Bibi akaitika, “Marahaba mwanangu, karibu nyumbani. Nimefurahi kukuona. Watoto hawajambo?” Akajibiwa kwamba hawajambo. Bibi akaendelea: “Kesho jioni nitakuja kukaa na mama yako. Kama utakuwa na nguvu tutaongea, kama hutakuwa nazo wewe lala, mimi na yeye tutakunywa chai.”

Mama huyo aliniambia kwamba zile salamu nne za kwanza zilimfanya atake kurudi kwenye gari, na ile ya tano ndiyo iliyomwezesha kubaki siku zote alizokusudia kubaki. Ninaomba tuzitazame moja moja, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa na nia mbaya.

Huyo rafiki aliyesema “umekwisha” alishtuka, na mshtuko ukamtoka mdomoni. Tuwe wakweli kwamba huku kwetu kuutaja mwili wa mwenzako ni sehemu ya ukaribu. Tunaambiana “umenawiri”, “umepungua”, “mbona umefubaa”, na anayekuambia hivyo anakuonyesha kwamba anakukumbuka ulivyokuwa. Mtu baki hawezi kujua kama umepungua. Kwa hiyo ninapowaomba tuache maneno hayo, siwaambii kwamba wazazi wetu waliotufundisha walikosea. Ninawaambia kwamba maneno hayo yana mahali pake, yaani kati ya watu wenye afya njema ambao mabadiliko yao ni ya kawaida, na kwamba mgonjwa anayasikia kwa namna nyingine kabisa. Yeye ameshajitazama kwenye kioo kila asubuhi. Hakuna unachompa kwa kumwambia amekonda, isipokuwa habari kwamba hata kilemba na gauni jipya havikusaidia kitu.

Tena kukonda katika nchi yetu kuna historia yake, na wenye umri wangu mnaikumbuka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeshapata wagonjwa. Jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo kwa jina linalotokana na wembamba, silimu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa, bila malipo, mwaka 2004 tu. Hiyo ni miaka ishirini na zaidi ambayo mtu akirudi kutoka mjini akiwa amekonda, kijiji kizima kilikuwa kimeshamhukumu kabla hajafika mlangoni. Hata dawa zilipokuja, mojawapo ya zile za mwanzo, stavudini, iliwamaliza watu mafuta ya mashavuni na miguuni, wakawa wanatambulika kwa sura, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwishoni mwa mwaka 2009 kwamba nchi ziiache hatua kwa hatua. Siku hizi mambo yamegeuka: wengi wanaotumia dawa za kufubaza virusi wana miili mizuri, na baadhi wanalalamika kwamba wamenenepa. Anayekonda anaweza kuwa na kisukari, au tezi ya shingo iliyozidisha kazi, au vidonda vya tumbo, au huzuni ya kufiwa. Wembamba haukuambii chochote cha hakika, lakini neno “umekonda” bado linabeba ile hukumu ya zamani, na mgonjwa anaisikia hata kama wewe hukuikusudia. Akiulizwa mbele ya watu “mbona umekonda hivyo?”, anajikuta ana mambo mawili tu ya kuchagua, ama atangaze ugonjwa wake pale pale, ama aseme uongo.

Kuna wanaodhani kwamba basi usalama uko kwenye sifa. Ninawaomba sana mjihadhari na sifa. Mtu anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu, labda kwa ajili ya figo au viungo, uso wake hujaa na kuwa mviringo. Ukimwambia “umenenepa, mji umekukubali,” umemkumbusha dawa anayoichukia. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo anaweza kuvimba kwa maji, na uvimbe huo ndio unaomnyima usingizi. Mwanamke mwenye tumbo kubwa huenda ana uvimbe kwenye kizazi, au mimba imetoka wiki chache zilizopita, nawe unamwambia “hongera, mwezi wa ngapi?” Nimemwona mwanamke mmoja akilia kwenye benchi la kliniki kwa sababu ya hongera ya namna hiyo aliyoipata kwenye daladala, tena kutoka kwa mtu aliyekuwa anampisha kiti kwa wema wake. Na binti aliyepungua kilo kumi akasifiwa kwamba sasa amependeza, nyumbani anatapika kila anachokula. Kwa hiyo kanuni niliyokuwa nikiwafundisha ndugu wa wagonjwa ni kwamba katika salamu ya kwanza mwili wa mtu usitajwe kabisa, si kwa kusikitikia wala kwa kusifia, mpaka mwenyewe autaje. Unaweza kusifia kitenge chake, kwa sababu kitenge amekichagua mwenyewe.

Wifi yake mama yule alifanya jambo lingine, tena jambo hilo ninalisikia kila mahali. Alisema pole, na pole yenyewe ilikuwa sawa kabisa, kwa kuwa habari ya ugonjwa ilikuwa imekwisha julikana katika familia. Lakini hakuishia hapo. Mtu akishasema pole hupata kimya kidogo, na kimya hicho kinatutisha, basi tunakijaza kwa hadithi ya mgonjwa mwingine, na hadithi inayotujia upesi ni ya yule aliyefariki. Semeni pole, kisha nyamazeni. Kama anataka kuongea ataongea, na kama hataki atakuuliza habari za kahawa au za watoto, nawe umjibu habari za kahawa na za watoto kwa moyo wote, bila kumrudisha kwenye ugonjwa. Na kama humjui vizuri, au hujui kama habari hiyo imetangazwa, hata hiyo pole iache kwanza. Pole isiyo na sababu inayojulikana humlazimisha mtu aulize, “Pole ya nini?” na hapo umeshafungua mlango ambao hukukabidhiwa ufunguo wake.

Kuhusu mzee wa majani ya mstafeli nitasema kwa ufupi. Mgonjwa aliye kwenye dripu za saratani ana daktari wake, na dawa yoyote ya kunywa pembeni inaweza kugongana na dawa za hospitali au kuliumiza ini na figo ambazo tayari zimeelemewa. Zaidi ya hapo, ushauri wa dawa katika salamu unamwambia mgonjwa kwamba hajahangaika vya kutosha. Kama kweli unayo tiba unayoiamini, peleka habari hiyo kwa ndugu anayemwuguza, siku nyingine, naye aipeleke kwa daktari.

Kijana aliyetazama chini akapita ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu aliogopa kukosea, akakosea zaidi ya wote. Mama yule aliniambia kwamba “umekwisha” ilimuuma siku ile, lakini kupitwa na mtoto aliyekuwa akimtuma dukani kulimuuma mwezi mzima. Vijana, sikilizeni: hamtakiwi kuwa na maneno mazuri. “Shikamoo mama” inatosha. Isemeni kwa sauti ile ile mliyokuwa mkiisema mwaka jana, kwa kumtazama machoni, na akisema marahaba mngojee sekunde mbili kabla hamjaondoka.

Sasa nirudi kwa yule bibi, maana ndani ya maneno yake machache kuna karibu yote ninayoyajua juu ya jambo hili. Kwanza aliacha salamu iende kwa mpangilio wake. Shikamoo ilitoka, marahaba ikaitikwa, karibu ikafuata, watoto wakaulizwa. Hakuifupisha kwa sababu ya ugonjwa wala hakuirefusha kwa majonzi. Salamu zetu ni ndefu, na huo ni msaada mkubwa, kwa sababu zinakupa maneno yaliyo tayari wakati akili yako bado inapambana na kile macho yalichokiona. Ukishtuka, shika mpangilio huo: habari za siku nyingi, habari za safari, watoto, kazi, majirani wa huko. Kufikia mwisho wake uso wako utakuwa umetulia. Pili, alisema amefurahi kumwona, na hilo ni kweli kwa mtu yeyote aliyerudi akiwa hai, haliwezi kuwa uongo wa adabu. Tatu, aliuliza habari za watoto, yaani alimwuliza kama mama mwenye nyumba yake, si kama mgonjwa. Nne, na hili ndilo lililonigusa zaidi, alijitolea kwa namna ambayo haikumdai mgonjwa kitu. Sisi wengi tunasema “ukihitaji chochote niambie,” na kwa kusema hivyo tunamwachia mgonjwa kazi ya kuomba. Bibi alitaja siku, akataja saa, akasema atakaa na mama yake, na akampa ruhusa ya kulala bila kujieleza.

Wasiojua kazi ya hospitali wanaweza kudhani kwamba nimemaliza kwa kuzungumzia maneno, lakini salamu yetu ni ya mikono pia. Aliyeondolewa tezi za kwapani asivutwe mkono wa upande ule, asiminywe, wala asipewe mfuko mzito aubebe kwa mkono huo. Usipojua ni upande upi, nyoosha mkono wako ungoje, naye atakupa ule anaotaka kukupa. Aliye kwenye dripu za saratani, seli zake nyeupe za damu hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kila dripu, na katika siku hizo mafua yako wewe yanaweza kumrudisha wodini. Kama unakohoa au una mafua, msalimu kwa mbali na umwambie sababu waziwazi: “Nina mafua, sitaki nikuambukize, nitakuja nikipona.” Ukikaa mbali bila kusema sababu atadhani unamkimbia yeye. Hili la kusema sababu ni la lazima, kwa maana wagonjwa wetu wameshazoea kukimbiwa.

Wale waliotoka kwenye matibabu ya kifua kikuu sugu wanahitaji neno lao. Hapa mkoani kwetu tuna Hospitali ya Kibong'oto, huko Siha, iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, na wengi wetu tuna ndugu aliyepita pale. Baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu hupewa dawa iitwayo klofazimini, ambayo hubadilisha rangi ya ngozi ikawa nyekundu-nyekundu au nyeusi sana, hasa usoni. Rangi hiyo haiumi wala haiambukizi, na huondoka polepole dawa ikishaachwa, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amepona kabisa, amepimwa makohozi na kukutwa hana vimelea, huku uso wake ukiwa bado na weusi. Akisalimiwa kwa kuulizwa “umeungua na nini?”, au mwenzake akijifuta kiganja kwenye suruali baada ya kumpa mkono, anaadhibiwa kwa ugonjwa ambao hana tena.

Kuna wakati ambapo hutamtambua mtu kabisa. Hili hutokea kwa waliopoteza nywele na kilo nyingi kwa pamoja, nalo si kosa lako. Lakini “sikukutambua!” ni neno zito kuliko unavyodhani, kwa kuwa linamwambia mtu kwamba yule aliyekuwa hayupo. Ukiona mtu anakujia akitabasamu kama anayekufahamu na wewe huna hakika, tangulia kujitaja mwenyewe: “Habari za siku nyingi, mimi ni mama fulani wa kule juu ya mfereji.” Mara tisa kati ya kumi naye atajitaja, au sauti yake itakukumbusha, maana sauti haibadiliki haraka kama sura.

Kwa aliyepata kiharusi, sauti nayo huenda imebadilika. Mwingine mdomo umepinda na maneno hayatoki, au anatoka na neno ambalo hakulikusudia, ilhali anaelewa kila unachosema. Kosa linalofanyika hapa ni kumsalimu kwa kupitia kwa mke wake: “Mzee anaendeleaje? Anakula?” na mzee mwenyewe ameketi hapo anasikia. Msalimu yeye. Mpe shikamoo yake, kisha ungoje, hata kama kungoja huko kutakuwa kurefu kuliko ulivyozoea, na usimmalizie neno ambalo anajitahidi kulitoa. Uliza maswali ambayo yanaweza kujibiwa kwa kutikisa kichwa, sema kwa sauti ya kawaida kwa kuwa si kiziwi, na umpe mkono upande wenye nguvu.

Kabla mgeni hajafika, nyumba inayompokea ina kazi ya kufanya. Mpigieni simu mwenyewe mmwulize: tuwaambie watu nini, na nini tusiseme? Akisema “waambieni nimekuwa nikiumwa, nywele zimetoka kwa dawa, sitaki kuulizwa,” basi mama wa nyumba awaambie majirani watatu au wanne kwa maneno hayo hayo, na hao watawaambia wengine. Akisema hataki litajwe lolote, lisitajwe lolote. Watoto waelezwe mapema kwa maneno mepesi, kwamba shangazi amepewa dawa kali, dawa imetoa nywele, na zitaota tena baada ya dawa kwisha. Mtoto aliyeelezwa hashangai, na asiyeelezwa atauliza kwa sauti kubwa mezani. Akiuliza, msimpige wala msimfinye. Mwacheni shangazi amjibu mwenyewe kama anataka, maana wagonjwa wengi waliniambia kwamba maswali ya watoto huwaumiza kidogo kuliko macho ya watu wazima. Na simu zenu, tafadhali, zisimpige picha kabla hajaulizwa, wala picha yake ya harusi isitolewe ukutani na kupitishwa mkononi mwa wageni ili waone “alivyokuwa”.

Mtu mmoja hapa aliniuliza kabla hatujaanza: je, tukikaa kimya hivyo, hatutamwacha ndugu yetu afe na ugonjwa ambao hajaupima? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba salamu na uchunguzi ni mambo mawili, yasifanyike kwa wakati mmoja wala mahali pamoja. Ukimwona ndugu yako amepungua sana na hakuna anayejua sababu, msalimu kama kawaida siku hiyo. Kesho yake au keshokutwa, kama wewe ni mtu wake wa karibu, mwombe mtembee pamoja hadi shambani au mkachote majani ya ng'ombe, mkiwa wawili tu. Anza na unachokihisi wewe, si na sura yake: “Nimekuwa nikikuwaza, unaendeleaje siku hizi?” Akikuambia anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, au anatoka jasho jingi usiku, au ana homa za jioni, hayo ndiyo maswali yanayoulizwa kwenye kila zahanati kwa ajili ya kifua kikuu, na kipimo chake pamoja na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Akikuambia anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari. Akikuambia amegusa kitu kigumu kwenye titi, asingoje Januari. Usimwambie “nenda ukapime.” Mwambie “Jumatatu nitakusindikiza,” na Jumatatu ikifika uwe mlangoni kwake asubuhi. Akikataa, usiende kumtangaza kwa shangazi zake. Rudi tena baada ya siku chache umwulize kwa upole ule ule.

Mwenyekiti, niliyoombwa kuyasema ni hayo. Nitaketi pale chini ya mti mpaka giza litakapoingia, na yeyote ambaye anamtarajia mgonjwa nyumbani kwake mwezi huu aje tupange pamoja namna ya kumpokea. Asanteni kwa kunisikiliza.